Mgongo wa Bi Harusi kwenye Tableti ya Baba

Jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye nyuma yake tunamwita Mama Habari na mbele yake tunamwita mama mdogo, anadai kwamba mama yangu ameanza kutibu watu. Kwa maelezo yake, alikuja kwetu kuazima mkasi, akapiga hodi, hakuitikiwa, akaingia kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Sebuleni hapakuwa na mtu. Lakini juu ya kabati palikuwa na televisheni ndogo, na ndani ya televisheni mlikuwa na mgongo wa mwanamke. Mgongo mtupu, wenye kovu la moto lililoanzia begani likateremka mpaka karibu na kiuno, na pembeni yake pini zimechomwa kwenye kitambaa cheupe. Anasema mgongo ule ulikaa pale kama unamsubiri aseme shida yake. Halafu ukaondoka, likaja ua. Likaondoka ua, akaja baba yangu amelala mdomo wazi. Halafu mgongo ukarudi. Akachukua mkasi, akatoka, na kwa akili zake akahitimisha kwamba fundi wa nguo sasa anashona na ngozi.

Habari hiyo ilifika dukani kabla mkasi wetu haujarudi nyumbani. Mwanamke mmoja tusiyemjua alikuja kuuliza kama Mama anauza dawa ya kuungua kwa kopo au kwa kijiko. Mama alimjibu kwamba hapa panauzwa zipu na vifungo tu. Yule mwanamke akamwomba radhi, akaondoka akiwa amenunua zipu.

Mimi nilikuwa chumba cha kushonea, napiga pindo. Nilicheka kidogo, nikamtazama Mama nimwone akicheka. Hakucheka. Alikuwa ameshika kipande cha bitana, hakikunji, hakikati.

"Mgongo," akasema. "Mgongo gani?"

Tulikuwa tunajua sote wawili mgongo gani.

Ngoja nieleze kile kitu chenyewe. Siyo televisheni, ni tableti. Aliinunua Baba alipoacha kazi ya kupaka rangi majumba kwa sababu ya magoti. Alitaka kutazama mechi za zamani. Lakini kitu kizuri kikiingia nyumba ya watu wanne hakibaki cha mtu mmoja. Mama, ambaye simu yake ni ya tochi, alianza kuitumia kupiga picha za wateja wakijaribu nguo, ili usiku asihitaji kukumbuka kwapa linavuta wapi. Kaka, anayesambaza mikate madukani, alifungulia humo barua zake za kazi. Mimi nilikuwa natazama masomo ya kukata mitindo, sauti nimeipunguza. Akaunti zetu nne zilikaa kwenye orodha moja, ukigusa kidogo pembeni unajikuta ndani ya mambo ya mwenzako. Mama akitafuta video ya kushona lesi analetewa sungura. Sungura wanakula, sungura wananyolewa, sungura wanapimwa uzito.

"Tangu lini mimi nafuga sungura?" aliwahi kuuliza mezani.

Baba alikuwa anakunywa chai. Aliendelea kuinywa kwa bidii.

Sasa Kaka, kwa mapenzi yake, alikuwa ameinunulia tableti kibao cha kusimamia, akaiweka juu ya kabati. Akaenda kwenye mipangilio, akaiambia kwamba kila ikiwa kwenye chaji na haina kazi, iwe inapitisha picha moja baada ya nyingine. Alikuwa na nia ya picha za familia. Tableti haijui familia. Ilichukua kila picha iliyokuwemo, ikaanza kutuonyesha, na sisi tulishazoea kuipita bila kuitazama, kama saa ya ukutani iliyosimama.

Mwenye mgongo ni mteja wa Mama, msichana anayefanya kazi kwenye duka la dawa. Sisi tunamwita Bi Harusi kwa sababu hiyo ndiyo kazi tunayomfanyia. Aliungua mafuta ya moto akiwa mtoto. Alikuja kwa Mama baada ya kupita kwa mafundi wengine, na kila mmoja alimchorea gauni la mgongo wazi kwa kuwa ndiyo mtindo. Kwa Mama alifunga mlango, akavua, akageuka.  Mama alilipima lile kovu kwa utepe kama anavyopima bega la mtu yeyote, akasema, "Lesi itaanzia hapa. Itapita juu kama majani. Hakuna atakayejua isipokuwa wewe na sindano yangu." Ndipo akaomba ruhusa ya kupiga picha, apate kuchora majani yale yafuate njia yenyewe. Bi Harusi alifikiri sana. Akasema, "Kwa ajili ya macho yako tu, Mama Fundi." Mama akamwambia, kwa ajili ya macho yangu tu.

Kwa hiyo tuliposikia habari ya mgongo, Mama hakuwaza biashara kwanza. Aliwaza lile neno alilolitoa.

"Uso wake haupo kwenye picha," nilimwambia.

"Yeye anaujua mgongo wake," akasema Mama.

Na kweli aliujua. Alikuja siku ileile baada ya kazi, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa. Mteja mmoja alikuwa ameisimulia kaunta nzima, akicheka, kuhusu fundi anayetibu migongo. Hakuketi. Alisimama mbele ya mashine ya kushonea, mkono mmoja kwenye kitambaa chake.

"Mama Fundi, nimekuja kuchukua kitambaa."

"Kimeshakatwa, mwanangu."

"Nitakichukua hivyohivyo, kimekatwa."

Mama hakujitetea. Alimweleza jinsi ilivyotokea, kibao, chaji, Kaka, yote, kwa sauti ya chini kama mtu anayefumua mshono wake mwenyewe. Bi Harusi alisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo sisi hatukuwa na akili ya kuliuliza.

"Kwani hiyo tableti mnaingia wote mlango mmoja?"

Tukatazamana.

"Kazini kwetu ipo moja," akasema. "Tunaitumia watu wa zamu zote. Lakini kila mtu ana upande wake. Mimi nikiingia kwangu simuoni mwenzangu, wala yeye hanioni. Hata akaunti zake hazitokei. Ni kama nyumba moja yenye vyumba, kila mtu na ufunguo wake." Akanigeukia mimi, pengine kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa namtazama midomo. "Mdogo wangu, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya watumiaji. Utaiona. Jumamosi nilikuwa nije kujaribu. Nitakuja. Nikikuta picha yangu iko kwa Mama Fundi peke yake, mtaendelea kushona. Nikiikuta kwingine, nitachukua kitambaa changu na majani yake, nitavaa nguo ya dukani yenye shingo ndefu."

Alipoondoka Mama aliketi kwenye kiti cha mteja, jambo ambalo hafanyi.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia. Watumiaji."

Jioni hiyo nilimfuata Baba, kwa sababu tableti ni yake na kwa lugha ya tableti yeye ndiye msimamizi. Nilimweleza vyumba. Alikuwa na wasiwasi wa mwenye nyumba.

"Yaani mtu atajifungia ndani ya kitu changu, na mimi sina ufunguo?"

"Ndiyo, Baba."

"Hata wa akiba?"

"Hata wa akiba. Unaweza kukibomoa chumba chake, mambo yake yote yapotee. Lakini kuingia huwezi."

Akafikiri. "Nabomoa lakini siingii."

"Ndiyo."

"Basi hiyo ni kama kuoa," akasema, akanipa tableti.

Sikuharakisha. Kwanza nilizima zile picha zinazojipitisha. Kisha nikashuka kwenye mipangilio polepole, nikisoma kila mstari, mpaka kwenye mfumo, na humo nikakuta watumiaji. Palikuwa na kitufe cha kuruhusu watumiaji zaidi ya mmoja, kimezimwa. Nikakiwasha. Juu kulikuwa na Baba, msimamizi. Chini kulikuwa na Mgeni. Na chini kabisa, ongeza mtumiaji.

Niliongeza Mama kwanza. Kioo kikageuka, tableti ikajifanya mpya kabisa, ikatusalimia, ikatuuliza lugha, ikataka akaunti. Nikamwingiza Mama kwa akaunti yake. Ilipofika kwenye kufunga kioo, nikampa aandike namba ya siri mwenyewe, nikageuza uso ukutani.

"Andika unachokumbuka," nilimwambia. "Ukisahau, hakuna wa kukufungulia. Tutalazimika kukifuta chumba na kila kilichomo."

"Nimeweka vipimo vya mtu," akasema. "Vipimo sisahau."

"Vya nani?" Baba akauliza kutoka kwenye kochi.

"Vya mtu."

Baba alijaribu vipimo vya Mama mwenyewe baadaye, nilimwona. Tableti ilimkatalia. Alirudisha kitu pale mezani kwa heshima.

Nikamwongeza Kaka, akaweka picha ya pikipiki yake. Mwisho nikajiongeza mimi. Chumba changu kilikuwa kitupu, hakina hata programu za ziada, kuta tu. Nilikaa humo kidogo bila kufanya chochote. Nyumbani kwetu nalala na cherehani, na bi harusi wa plastiki asiye na kichwa ananisimamia kitandani. Sijawahi kuwa na mahali ambapo mtu lazima nimfungulie.

Nikawafundisha wote kuhama: unavuta kutoka juu ya kioo, unagusa kile kiduara chenye kichwa cha mtu, unachagua jina lako, unaweka namba yako. Ukimaliza, unafunga. Kaka alishika mara moja. Baba alishika baada ya kulalamika. Mama alishika, kisha akawa anahama na kurudi bila sababu, kama mtoto na swichi ya taa.

Chumba cha Mama hakikuwa na sungura hata mmoja. Alivinjari lesi mpaka akachoka, lesi juu ya lesi.

"Nyumba imetulia," akasema.

Jumamosi Bi Harusi alikuja peke yake. Alijaribu gauni kwanza, hilo nalo nililiona kama ukarimu. Lilikuwa bado na nyuzi za kushikizia, bega moja limeshonwa, lingine limeshikwa kwa pini, lakini majani ya lesi yalikuwa yameanza kupanda. Akajigeuza mbele ya kioo cha ukutani, akageuza shingo kujitazama.  Akavua, akavaa nguo zake, akaja sebuleni.

"Naomba tableti."

Nikampa. Baba alikuwa kwenye kochi, Kaka alikuwa anakula amesimama, Mama mlangoni.

Alianza kwa Kaka. Kaka akaweka namba yake, akamkabidhi. Bi Harusi akafungua sehemu ya picha: pikipiki, pikipiki, mkate, pikipiki. Akanitazama, akaomba upande wangu. Wa kwangu haukuwa na picha. Mabega yangu yakashuka. Kisha akasema, "Na wa Mzee."

Baba akaufungua kwa kidole cha mtu asiye na hatia. Bi Harusi akagusa picha, akasogeza juu, akasogeza tena, akasimama.

Sikuhitaji kuona. Niliona uso wake. Akaigeuza tableti polepole, akatuonyesha. Mgongo ulikuwa pale pale, kati ya ua na sungura.

Baba aligeuza macho haraka, akatazama dari kama anayekagua rangi.

Nilielewa wakati huohuo. Nilijenga vyumba, nikampa kila mtu ufunguo, lakini sikuhamisha vyombo. Picha zote zilipigwa zamani, upande wa Baba, kabla upande mwingine haujakuwepo. Kumjengea Mama chumba kipya hakuzifanyi zinyanyuke zenyewe zimfuate. Zilibaki zilipozaliwa.

"Ni kosa langu," nilisema. "Nimejenga, sikuhamisha."

Bi Harusi alikuwa ameshika tableti kifuani, kioo kimegeukia ndani. Nilidhani ataomba kitambaa. Mama naye alidhani hivyo, kwa sababu alikwenda akalikunja gauni, akalileta, akaliweka mezani mbele yake, na kwenye gauni akaweka uzi uliobaki.

"Ni haki yako," Mama akasema. "Ukienda kwa fundi mwingine mwambie asivute hapa kwapani. Lesi isikatwe, ipindwe kwa ndani."

Ule uzi ndio uliobadilisha mambo, naamini hivyo. Fundi anayekufukuza hakupi uzi wa rangi yako. Bi Harusi aliutazama, akaugeuza kidoleni.

"Nani mwingine angejua isivute wapi?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe. Akaketi. "Mdogo wangu, akaunti ya Mama Fundi bado imo upande wa Mzee?"

"Imo. Ile ya zamani, kwenye orodha."

"Basi usiitoe kwanza. Wahi kuitumia."

Nikaelewa anachosema kabla hajamaliza. Vyumba havipitishiani vitu. Huwezi kusukuma picha ukutani itokee upande wa pili. Lakini akaunti ya Mama ilikuwa na hifadhi yake kwenye mtandao, na kwa wakati ule akaunti ileile ilikuwa imesimama pande zote mbili, mguu mmoja kwa Baba, mguu mwingine kwa Mama. Kaka alitupatia intaneti ya simu yake, akaegemea ukuta. Nilichagua picha za kazi moja moja, za Bi Harusi na za wateja wengine, nikazipandisha kwenye hifadhi ya Mama. Zilipanda kwa mwendo wa konokono. Bi Harusi hakuondoka. Mama alimpa chai, kisha, kwa kuwa mikono ya Mama haiwezi kukaa, akalichukua gauni mezani bila kuomba ruhusa, akaanza kushona bega la pili. Bi Harusi alimwacha.

"Mzee," akasema Bi Harusi, "hawa sungura ni wako?"

Baba akamtazama Mama.

"Ni wa kutazama tu," akasema.

"Kazini kwetu kuna mwenzangu anafuga. Anasema hawana kelele."

"Umesikia?" Baba akamwambia Mama. "Hawana kelele."

"Nimesikia wasivyo na kelele," Mama akasema, uzi mdomoni.

Zilipokwisha kupanda nilihamia upande wa Mama. Mama akaweka namba yake, sote tukatazama kwingine, hata Bi Harusi. Nikafungua hifadhi. Picha zilikuwepo. Nilizifungua kila moja nihakikishe imefika nzima, si kivuli chake, kwa sababu nilikuwa nakaribia kufuta na sikutaka kufuta kitu ambacho hakijafika. Ndipo nikarudi kwa Baba. Nikazifuta zile za kazi. Nikaingia kwenye pipa la taka, maana kinachofutwa hulala humo kwanza kama kinangoja msamaha, nikalimwaga pipa. Kisha nikazitoa akaunti zisizo za Baba upande wa Baba: ya Mama, ya Kaka, ya kwangu. Orodha ikabaki na jina moja.

Nikampa Bi Harusi tableti. Alitafuta. Alitafuta vizuri, kama mtu anayetafuta dawa yenye tarehe iliyopita. Aliingia kwenye picha, kwenye mafaili, kwenye pipa. Alikuta mechi, ua, Baba amelala mdomo wazi, na sungura.

"Na ukitaka kupiga picha nyingine?" akamuuliza Mama.

"Naingia kwangu kwanza," Mama akasema. "Ndipo napiga. Nikimaliza nafunga."

"Na harusi ikipita?"

"Ikipita naifuta mbele yako."

Bi Harusi akanywa chai yake iliyopoa. Halafu akasimama, akafunga tena mlango wa chumba cha kushonea, akavaa gauni tena. Nilimsaidia vishikizo. Bega la pili lilikuwa limekaa. Mama aliingia upande wake wa tableti, akampiga picha mpya ya mgongo, safari hii majani yamefunika njia yote isipokuwa kipande kidogo chini ya shingo, akamwonyesha. Akaitazama sana. "Hicho kidogo kiache," akasema. "Kisifunikwe." Mama hakumuuliza kwa nini. Alikata uzi.

Gauni lilikwisha kabla ya siku yake. Tulialikwa, na nilimwona akicheza, na watu wakisifu lesi bila kujua inafuata nini. Baada ya harusi alikuja kwetu na mume wake kuchukua lesi iliyobaki. Mama akamwita pembeni, wakainama wawili juu ya tableti. Picha ya kwanza ikafutwa, na pipa likamwagwa. Ya pili aliomba atumiwe kwanza, ndipo nayo ikafutwa.

Nyumba imebaki na vyumba vyake. Kaka anafunga chake hata akienda kunywa maji, na sote tunajua ana msichana, kwa kuwa hakuna mwanaume anayelinda pikipiki namna hiyo. Mimi chumbani kwangu nimejaza masomo ya kukata, nimefika kwenye kola. Jambo la ajabu ni Mama. Juzi aliweka sindano chini akamgeukia Baba.

"Sungura wako wamefikia wapi?"

"Si ulisema nyumba imetulia?"

"Imetulia mno. Nionyeshe."

Baba akasogea, akavuta kioo kutoka juu, akaingia kwake, na jioni ile walikaa wakitazama sungura akijengewa banda, Mama akikosoa misumari.

Leo mchana amekuja Mama Habari. Hakuja kuazima kitu. Mama alikuwa ameenda kununua bitana, Baba alikuwa ameenda kuulizia mbao, kwa sababu anazojua mwenyewe. Nilikuwa napiga pindo. Jirani alipiga hodi, akasubiri kuitikiwa, jambo jipya. Akaketi kwenye kiti cha mteja, akaitazama tableti iliyolala mezani, kioo cheusi.

"Nasikia hiyo sasa kila mtu ana chake," akasema.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na wa pembeni haoni."

"Haoni."

Akanyamaza. Sijawahi kumwona amenyamaza kwa karibu hivyo. Ana mikono mikubwa, alikuwa anaikunja na kuikunjua kwenye mapaja.

"Mimi kwangu simu ni moja," akasema. "Baba watoto anaishika, watoto wanaishika. Nikipiga chafya mtaa unajua, ndiyo maana na mimi nimezoea kusema mapema kabla sijasemwa." Akacheka kidogo, kicheko hakikufika mbali. "Yule binti yangu mkubwa. Aliyeondoka akakatazwa kutajwa nyumbani. Amejifungua. Nimeambiwa na mtu. Nimeambiwa anaweza kunitumia picha za mtoto, kama nina mahali pa kuzipokelea."

Sindano yangu ilisimama katikati ya pindo.

"Kuna sehemu ya Mgeni," nilimwambia. "Unaweza kuingia, unatazama, unatoka."

"Nimeuliza habari ya Mgeni," akasema. "Nimeambiwa akitoka, alichokifanya chote kinafutika." Akaiweka mikono yake sawa. "Mimi sitaki kutazama tu. Nataka picha zikae mahali. Hata kachumba kadogo. Nitakuwa nakuja mchana, wakati mama yako yuko sokoni. Sitasema kwa mtu."

Aliposema hivyo alinitazama, na nikaona anajua jinsi neno hilo linavyosikika kinywani mwake.

Nilivuta tableti. Ni ya Baba, na kumwongeza mtu ni lazima kupitia kwake. Mgongo wa Bi Harusi ulitembezwa mtaani na mdomo huuhuu. Kioo kikawaka, kikaniletea majina yetu manne kwenye viduara vyao. Mama Habari alikuwa amesogeza kiti, hakuinama kuchungulia. Aligeuza uso ukutani, kama mtu anayesubiri mwingine aandike namba yake.

"Mwanangu," akasema, bado ametazama ukuta, "utaniongeza?"